Wiki sita kabla ya sherehe ya mahafali: kadi 120, niagize sahani ngapi?

#1 Mwenyekiti wa Dharura
Wakuu salamu. Mdogo wangu wa kike anahitimu shahada ya kwanza, na familia imenipa uenyekiti wa kamati kwa kosa moja tu: sikuhudhuria kikao cha kwanza.

Sherehe ni Jumamosi, wiki sita kutoka leo, ukumbi maeneo ya Tabata. Tumeamua kadi 120: dabo 70 kwa mchango wa 80,000 na singo 50 kwa mchango wa 50,000. Ahadi zote zikitimia ni 8,100,000. Hadi leo mweka hazina ana 1,700,000 mkononi. Watu wa chakula wametaka 15,000 kwa sahani, nusu ya pesa ilipwe wiki mbili kabla.

Msimamo wangu ni huu: nusu ya walioahidi hawatoi, na asiyetoa hana uso wa kuja. Nikiagiza sahani 110 nimetosheka. Katibu anasema nitaiaibisha familia. Nani yuko sahihi?

#2 Shemeji Mkorofi
Katibu. Nyingine?

#3 Kikao cha Nne
Mkuu, nimekuwa mweka hazina wa kamati za sherehe mpaka mke wangu ananiita kwa cheo hicho. Hesabu yako ina kosa kabla hata hatujafika kwenye tabia za watu. Kadi 120 si watu 120. Dabo 70 ni watu 140, ukiongeza singo 50 unapata 190. Sahani 110 maana yake umeshawafukuza watu 80 kabla hawajavaa.

Sasa njoo kwenye tabia. Unadhani asiyechangia haji. Asiyechangia akiwa jirani au mfanyakazi mwenzako, kweli haji. Akiwa baba mdogo anakuja, anakaa meza ya mbele, na anaomba kipaza sauti. Na yule aliyechanga akapata safari haachi kadi ilale kabatini, anampa mpangaji wake. Pesa imeshatoka, lazima mtu ale. Kwa hiyo kadi iliyolipiwa ihesabu ni mtu kamili, halafu ndugu wasiolipa waongeze juu yake.

#4 Gawa kwa Mbili
Mimi kanuni yangu ni fupi: ahadi gawa kwa mbili, wageni gawa kwa mbili. Haijawahi kunitupa. Kwenye harusi ya kaka tuliandaa kwa nusu na chakula kilibaki.

#5 Shemeji Mkorofi
#4 kilibaki kwa sababu mvua ilinyesha siku ile. Nilikuwepo.

#6 Gawa kwa Mbili
Wewe nani? 😂

#7 Bibi Sufuria
Wanangu, habari za jioni. Nimepikia shughuli miaka mingi, za majumbani na za kumbini. Ngoja nimwambie mwenyekiti kitu ambacho watu wa kampuni hawatamwambia.

"Sahani" ya kampuni si sahani ya kwako. Wewe unafikiri umenunua watu 110 washibe. Wao wanahesabu vyakula vilivyogawanywa kwa kipimo: wali kijiko kimoja kikubwa, kuku kipande kimoja, nyama vipande viwili. Mgeni akijipakulia mwenyewe hafuati kipimo hicho, hasa meza za mwanzo zinazoona chungu kimejaa. Kabla hujajadili idadi, muulize nani anashika kijiko. Kuku na nyama vishikwe na mhudumu, wali na mboga watu wajipakulie watakavyo. Hilo tu litakuokoa kuliko kuongeza sahani 20.

#8 Mwenyekiti wa Dharura
Asante bibi. #3 nimekuelewa, nimeona aibu kidogo kuhusu dabo. Na je tukipika wenyewe? Shangazi anasema tutaokoa nusu ya pesa.

#9 Pwani Njema
Sherehe za watoto nzuri sana. Kwa akika msisahau mtoto wa kiume ni mbuzi wawili na wa kike mmoja, na siku ya saba ndiyo siku yake. Wiki sita ni mbali, mbona mnamchelewesha mtoto?

#10 Shemeji Mkorofi
Mtoto mwenyewe ana shahada, ndugu yangu.

#11 Pwani Njema
Haya nimesoma haraka. Mabruk kwa binti. Lakini mbuzi hamjakatazwa.

#12 Mjomba wa Maskati
#9 kwa faida ya wengine: siku ya saba ni bora, lakini ikipita watu huchinja ya kumi na nne au ya ishirini na moja, na hata baada ya hapo. Kuchinja na kualika watu si lazima viwe siku moja. Sisi huku wajukuu wetu tunawachinjia Unguja, nyama inagawiwa huko, sherehe tunafanya huku wakati wa likizo. Samahani kwa kutoka nje ya uzi.

#13 Bibi Sufuria
#8 shangazi ana kweli nusu. Vifaa ni rahisi, watu ndio gharama.

Chukua wageni 190. Pilau ikiwa na vitu vingine pembeni, ndizi, viazi, kuku, kachumbari, mimi kilo moja ya mchele nawapa watu wanane. Hapo ni kilo 24. Pilau ikiwa peke yake hiyo kilo haiwafikishi hata sita. Nyama ya ndani ya pilau naweka nusu ya uzito wa mchele, kilo 12. Kuku mmoja natoa vipande vinane, kwa hiyo kuku 24, na wawili wa tahadhari kwa sababu mabawa huwa yana malalamiko. Soda, ukipiga moja na nusu kwa kila mtu, ni chupa 285, yaani kreti 12.

Sasa sikiliza. Usipike kilo 24 kwenye sufuria moja. Chini itaungua na katikati itabaki na kiini. Gawa sufuria mbili za kilo 12, ya pili ianze nusu saa baada ya ya kwanza, ili moja ikipata ajali uokoe nyingine. Na kama ukumbini mnakula saa mbili usiku, pilau itoke motoni karibu na saa kumi na mbili, ifunikwe na mkaa kidogo juu ya mfuniko. Ukiipika saa saba mchana ili "mmalize mapema", mtakula kitu kingine kabisa.

Halafu jiulize: nani anapika? Shangazi zako watakuwa na sare na kucha mpya. Nimeona jiko likiachwa na kijana mmoja wa bodaboda.

#14 Binti wa Korogwe
Bibi #13, hiyo ya kucha ni sisi mwaka juzi. Mama mkubwa alikoroga pilau akiwa na wigi na khanga juu ya gauni. Picha zote amenuna.

#15 Fundi Mapambo
Napamba kumbi, nawaona wote. Mwenyekiti, kabla hujaamua kati ya shangazi na kampuni, soma karatasi ya ukumbi. Kumbi nyingi hazikubali mpishi wa nje, au zinakubali kwa ada. Vinywaji ndivyo vibaya zaidi: mtu ananunua kreti zake kwa bei ya jumla, akifika getini anaambiwa kila kreti ina malipo ya kuingia. Mara nyingine ada inameza faida yote.

Uliza pia jenereta ipo au haipo, na mafuta nani ananunua. Na uliza napewa mlango saa ngapi. Kama kuna shughuli nyingine mchana, mimi naingia saa tisa, nitapamba meza ya mhitimu tu na nyinyi mtanitukana kwenye mitandao.

#16 Mwenyekiti wa Dharura
Nimeisoma karatasi leo. Mpishi wa nje anaruhusiwa kwa 200,000. Soda lazima zinunuliwe kwao. Jenereta ipo, mafuta ni juu yetu. Kianzio cha ukumbi hakirudi hata tukibadili tarehe.

#17 Kikao cha Nne
Hapo kwenye tarehe ndipo ningeshtuka. Mahafali ya chuo ni lini hasa? Na tarehe hiyo umeipata wapi?

#18 Mwenyekiti wa Dharura
Ni Alhamisi ya wiki hiyo hiyo. Binti mwenyewe kaniambia.

#19 Mwalimu Mstaafu Iringa
Salaam. Binti kasema, sawa. Je jina lake lipo kwenye orodha ya wahitimu iliyotolewa na chuo?

Siulizi kwa ubaya. Kwetu mpwa wangu alikuwa na somo moja la kurudia ambalo hakumwambia mtu. Vyuo hutoa kwanza orodha ya muda ili watu wakague majina. Sisi hatukukagua. Ng'ombe alishanunuliwa, wageni wametoka Makambako, na kijana akawa anatoa sababu mpya kila siku kwa nini hajachukua joho. Tuliujua ukweli Jumatano. Sherehe ilifanyika tukaiita "ibada ya shukrani", na mpaka leo hakuna anayejua tulishukuru nini.

#20 Shemeji Mkorofi
"Ibada ya shukrani" nimeanguka kwenye kiti 😂😂

#21 Neema ya Chuo
Msicheke jamani, si lazima iwe kufeli. Mimi jina langu halikuwepo kwa sababu ya deni la ada la muhula mmoja, na mwenzangu kwa sababu tahajia ya jina haikufanana na cheti cha kidato cha nne. Yote yalirekebishwa, ila ilinichukua siku tisa za foleni. Mwambie binti aangalie mapema, si wiki ya mwisho.

Na joho, mkuu. Joho ni la kuazima, lina siku ya kurudisha. Sherehe yenu ni siku mbili baada ya mahafali, mko salama pengine, lakini aulize. Rafiki yangu alifanya ukumbi wiki mbili baadaye, akaingia amevaa joho la kukodi mtaani la rangi ya chuo kingine.

#22 Mwenyekiti wa Dharura
Nimempigia. Amekasirika kwamba simuamini, halafu baada ya saa moja kanitumia picha ya orodha. Jina lipo. Herufi moja ya jina la babu imekosewa, anaenda Jumatatu.

*(wiki ya tatu kabla)*

#23 Mwenyekiti wa Dharura
Mrejesho. Makusanyo 3,900,000. Tumeachana na kupika wenyewe, tumechukua kampuni. Kadi zinatoka kesho. Swali jipya: vijana wanataka kadi za kwenye simu zile za kuskani mlangoni, wazee wanataka za karatasi.

#24 Gawa kwa Mbili
Za simu. Karatasi ni hasara.

#25 Kikao cha Nne
Za simu zina faida moja: ikishaskaniwa mara moja haipiti tena, hata mtu akiwatumia picha wenzake watano. Lakini tulipozitumia, kijana aliyeshika simu ya kuskania chaji iliisha saa moja na nusu, wakati msururu umefika barabarani. Kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi kama sokoni. Simu mbili, chaja, na orodha ya majina iliyochapwa. Wazee wape karatasi, wataitunza kwenye Biblia.

Za karatasi, dabo itobolewe mara mbili. Mmoja akitangulia, tundu moja. Bila hivyo wanaingia wanne kwa kadi moja, wawili wa kwanza wanairusha dirishani.

#26 Binti wa Korogwe
Na mlangoni msiweke kaka yenu mpole anayejuana na mtaa mzima. Sisi tuliweka, akawa anasema "huyu namjua, huyu namjua". Watu wote anawajua, ndiyo shida yenyewe.

#27 Shemeji Mkorofi
Mlangoni weka mtu wa mkoa mwingine.

#28 Bibi Sufuria
Mwenyekiti, kazi nyingine gawa kwa majina, si kwa "vijana watasaidia". Mmoja wa maji na soda tu. Mmoja wa kukaa na mpishi tangu chakula kinaposhuka garini hadi sufuria ya mwisho, asiyekunywa. Mmoja wa zawadi na bahasha, awe na begi lenye zipu. Hawa watatu wale kabla ya wageni, ukiwaacha mwisho watajilipa wenyewe.

*(siku kumi na tano kabla)*

#29 Mwenyekiti wa Dharura
Leo nalipa nusu ya chakula. Zilizolipiwa kamili: dabo 52, singo 31. Ndugu wasiolipa lakini watakuja, nimehesabu na mama usiku kucha, ni 34. Inafanya 104 na 31 na 34, yaani 169. Nimeagiza 170.

#30 Kikao cha Nne
Hesabu nzuri. Na mshereheshaji, mpiga muziki, wapiga picha, wapambaji, walinzi?

#31 Mwenyekiti wa Dharura
Hao si wana malipo yao?

#32 Fundi Mapambo
Malipo si chakula 🙂 Mimi nikiwa ukumbini tangu saa tatu asubuhi, saa mbili usiku nitakula. Swali ni kama nitakula kwa mpango wako au wangu.

#33 Kikao cha Nne
Na watoto. Dabo ni baba na mama, mtoto anakuja mgongoni na anakula kipande kizima cha kuku.

#34 Mwenyekiti wa Dharura
Mpishi kaniambia huwa anabeba ziada ya sahani 15. Nitategemea hiyo. Pesa imeishia hapo.

#35 Bibi Sufuria
Imeandikwa kwenye mkataba?

#36 Mwenyekiti wa Dharura
Kasema kwa mdomo.

#37 Shemeji Mkorofi
Ziada ya mdomo huliwa kwa mdomo.

*(siku mbili baada ya sherehe)*

#38 Mwenyekiti wa Dharura
Wakuu, tumemaliza, mhitimu amefurahi, joho limerudi. Lakini meza mbili za nyuma, watu 20, walipata wali na kachumbari bila kuku. Miongoni mwao yupo bosi wangu.

Mlangoni waliingia kwa kadi watu 166. Watoto tuliwahesabu kwenye picha, 11. Watoa huduma 14. Mpishi anasema alileta sahani 170 na ziada 15 kama alivyoahidi, na kwamba wageni walirudia. Katibu anasema kuna wazamiaji. Mama anasema mpishi katupunja. Nini kilitokea?

#39 Kikao cha Nne
Jumlisha: 166 na 11 na 14 ni 191. Hata tukimwamini mpishi kwa ziada yake, 185. Sita hawana kuku bila mtu yeyote kuiba. Wamebaki 14 wa kutafutiwa maelezo.

#40 Bibi Sufuria
Nani alishika kijiko cha kuku?

#41 Mwenyekiti wa Dharura
Mhudumu, kwa meza tano za mwanzo. Halafu mshereheshaji akasema muda umeenda, watu wakafungua pande zote mbili za bufee wajihudumie.

#42 Bibi Sufuria
Basi nimemaliza mimi. Kuku wako 14 wako meza ya sita hadi ya kumi.

#43 Fundi Mapambo
Sikubaliani na bibi. Mlikula saa ngapi? Kama ratiba ilikuwa saa mbili na mkala saa nne, watu wenye njaa wanabeba mlima. Lawama ni ya hotuba.

#44 Mwenyekiti wa Dharura
Saa tatu na dakika hamsini. Baba mdogo aliomba kipaza sauti.

#45 Kikao cha Nne
Yule asiyechangia?

#46 Mwenyekiti wa Dharura
Yeye.

#47 Gawa kwa Mbili
Bado nasema ni wazamiaji. Watu 166 ni wa mlango wa mbele. Ukumbi una mlango wa jikoni.

#48 Binti wa Korogwe
Naomba niulize kwa heshima: shangazi alikuja na mkoba mkubwa?

#49 Mwenyekiti wa Dharura
Ndoo mbili zenye mfuniko. Alisema ni za kubebea maua.

#50 Shemeji Mkorofi
😂😂😂 maua ya aina gani yenye mapaja?

#51 Mwalimu Mstaafu Iringa
Hongereni. Vipi ile herufi ya jina la babu, ilirekebishwa?

#52 Mwenyekiti wa Dharura
Chuo walirekebisha. Kwenye keki haikurekebishwa.